Sahihisho limepotea kwenye kipeperushi: jinsi ya kujua lilipotelea wapi

Kipeperushi kilikuwa cha chama kimoja cha kuweka na kukopa: karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili, kurasa sita ndogo, maneno yasiyofika 600. Mimi ndiye niliyekuwa nikitunza faili. Jumatatu nililituma kwa barua pepe kwa mhasibu na kwa afisa mikopo, wote wawili siku moja. Jumanne mhasibu akarudisha lake: riba ya mkopo wa dharura imeshuka kutoka asilimia 1.5 kwa mwezi hadi 1.25, kama mkutano mkuu ulivyopitisha. Nikaikubali, nikasevu. Jumatano afisa mikopo akarudisha la kwake, likiwa na namba mpya ya simu na masharti ya wadhamini yaliyopangwa vizuri zaidi. Nikalikubali nalo, nikaliweka kwenye folda ileile. Jina lilikuwa lilelile, `Kipeperushi mwisho.docx`, kwa hiyo Windows ikaniuliza, nami nikabonyeza `Replace the file in the destination` nikiamini kwamba la Jumatano lina ya Jumanne ndani yake.

Halikuwa nayo. Afisa mikopo hajawahi kuliona faili la mhasibu. Alifanyia kazi faili la Jumatatu. Nakala 1,000 zikatoka kwa mchapaji zikiwa na riba ya 1.5, na mwanachama wa kwanza kuligundua alikuwa dirishani, fomu ya mkopo mkononi.

Tangu siku hiyo, sahihisho likipotea siulizi kwanza ni nani amelifuta. Nauliza kila mmoja alianza na nakala ipi. Swali hilo ndilo linalobeba karibu kila kitu kinachofuata hapa chini.

Dalili: masahihisho ya mtu mmoja yametoweka yote

Chukua faili lenye kasoro na ulitafutie vitu vidogo ambavyo mtu huyo alivigusa, si kile kikubwa kinachokuuma tu. Kwetu mhasibu alikuwa amebadilisha riba, lakini pia alikuwa ameongeza mkato kwenye aya ya akiba na kuandika "hisa" mahali palipokuwa na "hissa". Nilipokagua faili lililokwenda kuchapwa, "hissa" ilikuwa imerudi na mkato haupo. Hakuna mtu anayekaa chini kukataa mkato. Yakipotea yote, makubwa kwa madogo, basi hayakufutwa: faili ulilonalo limetoka kwenye tawi jingine, yaani nakala iliyoendelezwa pembeni bila kupitia kwake, na kazi ya mtu huyo iko nzima kwenye faili lake.

Hii ni habari njema, maana kilichogawanyika kinaweza kuunganishwa. Unahitaji mafaili matatu: lile la asili ambalo wote walianza nalo, la mtu wa kwanza na la mtu wa pili. Kwenye Word nenda `Review`, kisha `Compare`. Humo kuna vitu viwili vinavyofanana kwa sura lakini vina kazi tofauti.

`Compare…` inalinganisha mafaili mawili na kukupa faili la tatu linaloonyesha tofauti zote kwa rangi. Itumie kuthibitisha tu. Weka faili la asili kwenye `Original document`, lenye kasoro kwenye `Revised document`, ubonyeze OK. Nilipofanya hivyo nililiona kosa langu ndani ya dakika moja: kila mstari mwekundu ulikuwa wa afisa mikopo, hata mmoja haukuwa wa mhasibu. Kumbuka kwamba kama mafaili yana mabadiliko ambayo hayajakubaliwa bado, Word itakuonya kuwa katika kulinganisha itayahesabu kama yamekwisha kukubaliwa. Kwa hiyo usiitumie kuamua nani alipendekeza nini; hapo majina yanachanganyika.

`Combine…` ndiyo ya kuunganishia. Weka faili la asili upande mmoja na la mhasibu upande wa pili, bonyeza `More` na uchague matokeo yaende kwenye `New document` ili usiguse chochote cha zamani. Sevu matokeo hayo. Kisha anza tena: safari hii matokeo yale upande mmoja, na faili la afisa mikopo upande wa pili. Inakwenda mafaili mawili mawili, hata kama walioandika ni watano. Mwisho unapata faili moja ambamo pendekezo la kila mtu lina jina lake na rangi yake, ukae nalo ukubali au ukatae moja baada ya jingine.

Ina mipaka miwili. Kwanza, kwenye sura ya maandishi, yaani herufi nzito, ukubwa, rangi, Word itakulazimisha uchague ya faili moja tu. Chagua la asili. Pili, watu wawili wakigusa sentensi moja, mashine haiamui. Itakuwekea maneno ya wote wawili, na mara nyingi yanasomeka kama uji: "riba ni asilimia 1.251.5 kwa mwezi". Namba zilizogongana hivi zisome kwa sauti, na umpigie simu mwenye nazo. Kwetu hata baada ya kuunganisha nilimpigia mhasibu anisomee riba zote tatu kutoka kwenye muhtasari wa mkutano.

Dalili: kimoja tu kimerudi kama zamani, vingine vyake vipo

Hapa tawi si tatizo. Mkato upo, "hisa" ipo, riba peke yake ndiyo imerudi. Kuna mtu ameshika mahali hapo kwa mkono. Ama alibonyeza `Reject` kwa bahati mbaya, ama, na hili nimelikuta mara nyingi zaidi, alinakili aya nzima kutoka kwenye kipeperushi cha mwaka jana na kuibandika juu ya hii mpya kwa sababu "ilikuwa imekaa vizuri". Dalili ya kubandika ni kwamba aya yote inatofautiana kidogo na jirani zake: fonti nyingine, nafasi mbili baada ya nukta.

Kama mnafanyia kazi Google Docs, jibu lipo bila kubahatisha. Fungua `File`, `Version history`, `See version history`, urudi nyuma toleo kwa toleo mpaka pale namba inapobadilika. Jina la aliyeibadilisha limeandikwa upande wa kulia. Lakini usikimbilie `Restore this version`. Hiyo inarudisha hati yote ilivyokuwa siku hiyo, pamoja na kuondoa kazi ya kila mtu aliyeandika baadaye. Kwa aya moja, fungua toleo la zamani, nakili aya hiyo, rudi kwenye toleo la sasa, ibandike. Na aliyebonyeza `Restore` tayari asifadhaike: toleo alilolifunika bado limo kwenye orodha ileile, linarudishwa kwa njia hiyohiyo.

Dalili: mtu anasema "nimesharekebisha", faili halina alama hata moja

Usibishane naye. Mara nyingi anasema kweli, na kosa liko mahali pamoja kati ya haya.

La kwanza kulitazama ni simu. Katibu wetu alipokea faili kwenye WhatsApp, akaligusa likafunguka, akarekebisha jina la tawi na saa za kufungua ofisi. Akarudi kwenye mazungumzo, akalishikilia faili lilelile kwa kidole, akalituma mbele. Alichotuma ni ujumbe wa awali, kama ulivyomfikia. Marekebisho yake yalikuwa kwenye nakala nyingine, ambayo programu ilikuwa imeisevu kwenye simu yake. Kujua ni rahisi: linganisha ukubwa wa faili alilorudisha na lile ulilomtumia. Vikilingana hadi baiti ya mwisho, hilo ni lako mwenyewe limerudi. Mwambie afungue programu aliyoandikia, atazame orodha ya mafaili ya karibuni, na atume kutoka humo. Mimi siku hizi naomba watu wa simu wasirudishe faili kabisa. Waandike kwenye ujumbe: ukurasa wa 3, mstari wa pili, "saa 3 asubuhi" iwe "saa 2 asubuhi". Ni haraka kwao na ni salama kwangu.

La pili ni kwamba `Track Changes`, inayoweka alama kwenye kila badiliko, ilikuwa imezimwa, akaandika moja kwa moja juu ya maneno. Hapo mabadiliko yamo ila hayana alama; `Compare…` dhidi ya faili ulilomtumia itayafichua yote. Kwenye Word mpya kuna mtego wa ziada: `Track Changes` ina `For Everyone` na `Just Mine`. Ukichagua ya pili, umejiwekea wewe tu, na mwenzako akifungua ataandika bila kufuatiliwa. Weka ya kwanza kabla hujatuma. Ukiona bado watu wanaizima, ndani ya orodha hiyohiyo ipo `Lock Tracking`, unayowekea neno la siri. Kwenye Google Docs jambo lenyewe ni kitufe cha kalamu juu kulia: kikiwa `Editing` maneno yanabadilika papo hapo, kikiwa `Suggesting` yanabaki kama pendekezo. Ukitaka mtu asiweze kabisa kuandika juu, mpe ruhusa ya `Commenter` wakati wa kumshirikisha. Ataweza kupendekeza tu.

La tatu ni macho yako. Sanduku dogo lililo karibu na `Track Changes` likiwa kwenye `No Markup`, hati inaonekana safi kana kwamba kila kitu kimekubaliwa. Likiwa `Simple Markup` unaona mstari mwekundu pembeni tu. Liweke `All Markup` kabla hujasema hakuna kitu.

Hilo la mwisho lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu `No Markup` inaficha, haiondoi. Nimepokea faili la kwenda kuchapwa ambalo lilionekana safi kwenye mashine ya aliyelituma, na kwangu likafunguka na maneno yaliyokatwa, na maoni pembeni yaliyoandikwa "huyu mjumbe tumtoe kwenye picha". Kabla faili halijatoka nje ya kundi lenu, kubali au kataa kila kitu, futa maoni, kisha pita `File`, `Info`, `Check for Issues`, `Inspect Document`. Ikikuta mabadiliko yaliyosalia itakuambia.

Dalili: masahihisho yote yana jina moja

Unafungua faili lililopitia watu wanne, na kila mstari umeandikwa "User" au "HP". Word inachukua jina kutoka kwenye mpangilio wa kompyuta, na kompyuta za ofisi nyingi au za stesheneri hazijawahi kupewa jina la mtu. Nenda `File`, `Options`, `General`, ujaze `User name` kabla ya kuanza. Hakibadilishi kilichokwisha kuandikwa. Kama majina yalikuwepo na yamegeuka kuwa "Author", basi kuna mtu ameondoa taarifa binafsi kwenye faili, na hayarudi tena humo. Itabidi uyasome kutoka kwenye nakala aliyokurudishia kila mmoja, na ndiyo sababu nakala hizo hazifutwi.

Dalili: folda ina "mwisho", "mwisho mpya" na "mwisho kabisa"

Jina la namna hiyo linaeleza matumaini ya aliyelisevu, halikuambii faili limezaliwa na lipi. Tarehe ya kusevu nayo haitoshi. Faili la Jumatano kwenye kisa changu lilikuwa jipya kwa tarehe na la zamani kwa yaliyomo. Na mtu akifungua faili la zamani, akabonyeza kusevu bila kugusa neno, linapanda juu ya orodha.

Kwa hiyo jina libebe uzao. Sisi tunafanya hivi:

```
kipeperushi_v04.docx
kipeperushi_v04_mhasibu.docx
kipeperushi_v04_mikopo.docx
kipeperushi_v05.docx
```

Namba ni ya shina, yaani faili kuu ambalo wote wanaanza nalo. Anayepokea `v04` haruhusiwi kuipa namba mpya. Anaongeza cheo chake mwishoni na kurudisha. Mtu mmoja tu, mtunza faili, ndiye anayezalisha `v05`, na anaizalisha baada ya kuunganisha yote yaliyorudi. Faili likija limeandikwa `v04_mikopo` wakati meza iko kwenye `v05`, unajua papo hapo, kabla ya kulifungua, kwamba huyu hajaona ya wenzake, na unalipeleka kwenye `Combine…` badala ya kulifunika la sasa. Kama sheria hii ingekuwepo ile Jumatano, Windows isingeniuliza chochote, kwa sababu majina yasingefanana.

Vitu vidogo viwili kuhusu majina. Mkitaka tarehe, anzeni na mwaka, `2025-03-14`, ili orodha ijipange yenyewe. Ukianza na siku, tarehe 2 Aprili itakaa juu ya tarehe 14 Machi. Na mkwaju hauwezi kutumika, Windows inaukataa kwenye jina la faili. Halafu, ukikuta alama kama `(1)` mwishoni mwa jina, hiyo imewekwa na kompyuta ulipopakua faili lenye jina lililokwisha kuwepo. Usidhani ni toleo la kwanza. Lilinganishe, kisha ulipe jina lake halisi au ulifute.

Kwenye Google Docs namba ileile inaingia kwa njia nyingine: `File`, `Version history`, `Name current version`, uandike `v05 yameunganishwa`. Fanya hivyo kila unapofunga raundi, kwa sababu matoleo madogo yasiyo na jina Google huweza kuyaunganisha ili kupunguza nafasi.

Dalili: maneno yamesahihishwa kwenye Word, lakini prufu ina ya zamani

Sasa kipeperushi kimeshaingia kwa msanifu kurasa, anayekurudishia prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, na hapa kuna kitu ambacho waandishi wengi hawakijui. Anapoingiza hati ya Word ndani ya InDesign, programu anayopangia kurasa, kwa kawaida maneno yanamezwa humo na uhusiano na Word unakatika. Mhasibu anaweza kuendelea kusahihisha `v06.docx` wiki nzima, prufu isitikisike. Yapo sasa maandishi mawili, na yote mawili yanasahihishwa.

Wapo wasanifu wanaowasha kiungo, hati ya Word ikibadilika alama ya njano inatokea kwenye orodha ya viungo na wanabonyeza kuisasisha. Inavutia, lakini ukisasisha, kila alichokirekebisha msanifu ndani ya InDesign kwenye maandishi hayo kinafutika: maneno aliyopunguza ili aya ikae, herufi alizokoleza, mistari aliyoivunja. Kwenye kurasa ndogo kama hizi msanifu anapunguza maneno kila mahali, kwa hiyo kiungo hicho siipendekezi.

Kinachofanya kazi ni kuhamisha ufunguo. Siku faili linapokwenda kwa msanifu, Word inafungwa kwa wote, akiwemo mtunza faili, na toleo hilo linahamishiwa kwenye folda ya kusomwa tu. Kuanzia hapo masahihisho yanaandikwa kama maoni kwenye PDF ya prufu, na prufu zina mfuatano wake: `kipeperushi_prufu01.pdf`, `prufu02`. Kila prufu mpya ikija, chukua maoni ya ile iliyopita na uyapitie moja moja kwa kidole, ukiweka tiki. Msanifu akiruka moja katika kumi na tano, hakuna njia nyingine ya kulikamata. Baada ya hapo zisome upya namba zote, hata ambazo hakuna aliyezigusa: riba, simu, tarehe, kiasi cha hisa.

Na kwenye ukurasa wa nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo za pointi 6, tunachapa `Toleo 07, Machi 2025`. Mwanachama akija na karatasi yenye riba tofauti, unaigeuza na kujua ameshika ipi.

Dalili: faili limeshafunikwa, na hakuna nakala nyingine kwenye folda

Kwanza acha kulisevu, na mwambie kila mtu aache. Kisha tafuta kwa mpangilio huu. Anza na barua pepe, kwenye zilizotumwa na zilizopokelewa: kiambatisho hakibadiliki, kipo kama kilivyokuwa saa ile. Ndiko nilikolikuta faili la mhasibu. Halafu mazungumzo ya WhatsApp, ya kwako na ya wenzako. Kama faili la Word lilikuwa limepakiwa Google Drive na mtu akapakia jingine juu yake, libonyeze kwa kitufe cha kulia na utafute `Manage versions`. La chini yake bado lipo, ila linakaa siku 30 au mpaka matoleo yafike 100, isipokuwa mtu alilichagulia `Keep forever`. Ukilipata, usilirudishe juu ya la sasa. Lipakue, lipe jina lenye namba ya shina lake, kisha uende `Combine…` kama nilivyoeleza mwanzoni.